Zile 40,000 zimeshikwa, zile 30,000 zimekatwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu, nakaa Kisauni. Tulikuwa na harusi ya mdogo wangu na wageni wa bara wakaja wengi, basi nikachukua chumba kwenye hoteli moja ya Shanzu, Ijumaa hadi Jumatatu. Kuingia, mapokezi wakapitisha kadi yangu ya benki 40,000, wakaniambia "ni dipositi tu, itarudi". Kutoka, bili ilikuwa 33,200, wakapitisha kadi tena. Jumanne nikakodi gari la kupeleka wazee Malindi, nalo nikaacha dipositi ya 30,000 kwa kadi hiyo hiyo. Kodi yenyewe nililipa kwa M-Pesa. Jumatano nikalirudisha, zima, na mafuta yamejaa.

Leo ni Alhamisi ya wiki iliyofuata na hakuna dipositi hata moja iliyorudi. Hoteli wanasema hawana pesa yangu, niulize benki. Benki wanasema niulize hoteli. Wa gari wanasema wamesharudisha, nisubiri. Jana nimejaribu kulipa karo ya mtoto, 25,000, kadi ikakataa, na mimi nilianza na 118,000! Kwenye simu naona salio mbili: moja 54,800, nyingine 14,800. Sijui ya kweli ni ipi. Nimekutumia picha za risiti zote tatu. Nani ananidanganya?

Mwalimu, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Pole kwa karo, na hongera kwa harusi.

Hoteli hawakudanganyi wanaposema hawana pesa yako, ingawa kosa limetendeka pale pale kwenye meza yao. Wa gari ndio ninaotaka uwaandame, na uanze leo. Watu wa sehemu zote mbili walikuambia neno moja, "dipositi", lakini walichokifanya kwenye kadi yako ni vitu viwili tofauti kabisa. Hoteli imeshika. Wa gari wamekata. Kushikwa na kukatwa haviondoki kwa njia moja, na ndiyo maana kila unakopiga simu unapewa jibu lisilokusaidia.

Nimeziangalia risiti zako. Ya kwanza, ya Ijumaa, juu yake imeandikwa PRE-AUTH, kiasi 40,000, na chini kuna AUTH CODE 417208. Ya Jumatatu imeandikwa SALE, kiasi 33,200, AUTH CODE 662915. Ya gari nayo imeandikwa SALE. Maneno hayo mawili ya juu ndiyo yanayoeleza kisa chako chote, lakini hakuna anayewafundisha wateja kuyasoma, na ujumbe wa simu unaotoka benki mara nyingi unaandika yote kwa namna moja: kadi yako imetumika, kiasi fulani, mahali fulani.

Pale mapokezi wanapopitisha kadi kwa PRE-AUTH, mashine inaiuliza benki yako swali moja tu: huyu mteja anazo 40,000, na mtatuwekea? Benki ikikubali inatoa namba ile ya tarakimu sita na kuzitenga hizo pesa usiziguse. Haizipeleki popote. Bado ni zako, zimo kwenye akaunti yako, ila zimefungiwa. Hoteli hufanya hivyo kwa sababu siku unapoingia haijui utakula nini mkahawani, utafua nguo ngapi, utaondoka na funguo au la. Basi wanajumlisha bei ya chumba na kitu cha juu. SALE ni jambo jingine: hapo duka limedai malipo, na benki yako italipa. Kwa siku moja hadi tatu za kazi malipo hayo nayo huonekana kama yameshikwa tu, mpaka hesabu za duka zifike benki, kisha yanatoka kweli.

Sasa tazama zile salio zako mbili, maana zote ni za kweli. Ile 54,800, ambayo programu ya benki huiita Actual Balance, ni pesa iliyomo ndani. Ile 14,800, Available Balance, ni pesa unayoweza kuitumia. Tofauti yake ni 40,000 kamili. Ulianza na 118,000. Toa 33,200 za bili ya hoteli, toa 30,000 za gari, unabaki na 54,800. Kwa hiyo hizo mbili zimetoka, na 40,000 hazijatoka. Mtu yeyote anayetaka kujua pesa yake imeshikwa au imekatwa, na apige hesabu hii kabla ya kupiga simu. Kilichoshikwa kinapunguza salio la kutumia peke yake. Kilichokatwa kinapunguza salio zote mbili.

Kwa nini basi hoteli ilishika 40,000 halafu ikakukata 33,200 juu yake? Ilivyopaswa, Jumatatu ile karani angefungua kwenye mashine ile PRE-AUTH ya Ijumaa, akaingiza namba 417208 na kiasi cha bili, 33,200. Kitendo hicho huitwa COMPLETION. Hapo benki yako ingejua kwamba dai hili ni la pesa zile zile zilizotengwa, ingelipa 33,200 na kukuachia 6,800 zilizobaki. Badala yake alipitisha kadi upya kama mteja mpya. Namba mbili tofauti za AUTH CODE ndizo ushahidi. Benki yako haina njia ya kujua kwamba SALE ya Jumatatu ndiyo bili ya chumba kile kile kilichoshikiwa pesa Ijumaa. Kwake ni mambo mawili, na la kwanza bado linasubiri kudaiwa.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelitenda kwa mkono wangu. Kabla sijahamia dawati la kadi la benki, nilikaa mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mgeni anaingia jioni, karani wa jioni anapitisha PRE-AUTH, anaibana ile karatasi kwa pini kwenye fomu ya mgeni na kuiweka kwenye kisanduku cha chumba. Asubuhi zamu ni ya mtu mwingine. Basi la wageni linasubiri nje, kuna foleni ya watu wanane wenye masanduku, na karatasi haionekani. Kupitisha kadi upya ni sekunde 30. Kuitafuta ile namba ni dakika 5. Nilipitisha upya, mgeni akasaini, akaenda zake uwanja wa ndege, nami sikujua nilichomfanyia mpaka alipopiga simu baada ya wiki akilia kwamba ameshindwa kulipa kodi ya nyumba. Simu ile sijaisahau hadi leo.

Swali linalofuata ni lini zitaachiliwa. Inategemea nani anasema nini. Hoteli ikimaliza kwa COMPLETION, salio hurudi dai lake linapoingia benki, kwa kawaida ndani ya siku tatu za kazi. Hoteli ikiifuta PRE-AUTH kwenye mashine, ujumbe wa kufuta husafiri kwa njia ile ile ya kuomba, na benki nyingine huachilia papo hapo, nyingine huchukua siku kadhaa. Lakini hoteli isipofanya lolote, kama ilivyo kwako, pesa hukaa mpaka muda wa ile idhini uishe. Kwa duka la kawaida muda huo ni mfupi. Kwa hoteli na magari ya kukodi mitandao ya kadi imeruhusu muda mrefu, hadi kama siku 30, kwa sababu mgeni anaweza kukaa wiki tatu. Benki yako inaweza kuweka muda mfupi kuliko huo, na hilo uliulize. Leo una siku 13. Ukikaa kimya na benki yako ikiwa inahesabu 30, utasubiri siku nyingine 17, na karo haitakusubiri.

Najua umekasirishwa na yule wa benki aliyekurudisha hotelini. Msikilize kidogo. Ile AUTH CODE ni ahadi ambayo benki imeitoa kwa hoteli: dai kwa namba hii, nitalipa. Ikiwa watakufungulia 40,000 kwa neno lako peke yake, ukazilipa karo, halafu hoteli ikaja na dai lake, benki italazimika kulipa na akaunti yako itaingia deni. Ndiyo maana wanataka mwenye ahadi aseme mwenyewe kwamba haihitaji tena.

Basi nenda Shanzu, au tuma mtu, usibaki kwenye simu. Usiombe "mnirudishie dipositi yangu", maana watakujibu tena kwamba hawana kitu, na watakuwa wamesema kweli. Mtafute mkuu wa mapokezi au mhasibu, si karani wa zamu, umwambie: PRE-AUTH namba 417208 ya 40,000 haikumaliziwa, bili imelipwa kwa SALE namba 662915, naomba muifute ile ya kwanza. Kama mashine bado inaikubali, wataifuta hapo hapo na utapewa karatasi yake. Kama haikubali, omba barua yenye nembo ya hoteli iende kwa baruapepe kwenye idara ya kadi ya benki yako, na nakala kwako. Ndani yake kuwe na tarehe, kiasi, AUTH CODE, tarakimu nne za mwisho za kadi yako, na sentensi moja kwamba hoteli haitadai pesa hiyo. Tarakimu nne tu. Usikubali namba nzima ya kadi iandikwe kwenye barua, wala zile tarakimu tatu za nyuma zisimfikie mtu.

Barua hiyo ipeleke mwenyewe benki na uulize idara ya kadi, kwa sababu karani wa dirishani mara nyingi haoni zaidi ya salio. Na usijaze fomu ya kupinga malipo kwa hizi 40,000. Fomu ile ni ya pesa zilizotoka. Hizi hazijatoka, itarudishwa, na utakuwa umepoteza wiki.

Tuje kwa wa gari. Hawa nawaelewa walichofanya: waliogopa mkwaruzo na sehemu ya hasara ambayo bima haiilipi, wakataka kitu mkononi. Lakini walipitisha SALE, kwa hiyo 30,000 zako zimetoka kwenye akaunti yako na kuingia yao. Hapa hakuna cha kuachilia na hakuna muda wa kuisha. Ukisubiri siku 30, au 300, hazitarudi zenyewe. Lazima wao wazitoe mfukoni mwao na kuzituma upya, na kitendo hicho kwenye mashine huitwa REFUND. Wangekuwa wamebadili mawazo siku ile ile, kabla mashine haijafunga hesabu za siku, wangeweza kuifuta SALE kwa VOID na jambo likaisha. Hesabu zikishafungwa, njia imebaki moja.

REFUND nayo ina mwendo wake. Inatoka benki yao, inapita kwenye mtandao wa kadi, inafika benki yako, na huchukua kama siku 3 hadi 10 za kazi. Tangu Jumatano uliporudisha gari zimepita siku 6 za kazi. Kwa hiyo "tumesharudisha, subiri" inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa ni maneno ya kukutuliza mpaka uchoke, na mimi sipendi mtu aachwe kwenye hali hiyo wakati ukweli unaweza kupatikana kwa dakika chache.

Waombe karatasi ya REFUND. Kila REFUND hutoa karatasi yenye tarehe, kiasi na tarakimu za mwisho za kadi, na nakala yake wanayo. Wakisema imepotea, waombe ARN. Hiyo ni namba ya tarakimu 23 ambayo benki yao huyapa malipo au marejesho yanapopita kwenye mtandao, na ukiipeleka kwa benki yako wanaweza kuifuata njiani na kukuambia imefika wapi. Pesa iliyoshikwa tu haina ARN, ndiyo maana ukiidai kule hotelini hawatakuwa nayo. Lakini marejesho ya kweli yaliyokwisha kutumwa yanayo. Mtu aliyerudisha pesa Jumatano akawa hana karatasi wala ARN Alhamisi ya wiki ya pili, hajarudisha.

Wakikuambia watakutumia kwa M-Pesa, mimi ningependelea irudi kwenye kadi iliyotoka, kwa sababu hapo benki zote mbili zinaona. Karo inakubana, najua. Ukikubali M-Pesa, andikiana nao kwanza kwamba hizo ndizo 30,000 za dipositi, utunze ujumbe, na usije ukazidai tena benki.

Wasipoonyesha kitu, waandikie leo ukieleza tarehe uliyorudisha gari na kwamba lilipokelewa bila dosari, na uwape siku. Hapa sasa ile fomu ya kupinga malipo ndiyo mahali pake: unapinga kwa sababu marejesho yaliyoahidiwa hayakufanywa. Benki itataka kuona mkataba wa kukodi unaosema dipositi hurudishwa, karatasi ya kupokea gari, na mawasiliano yenu. Huenda pia wakakuambia usubiri kama siku 15 tangu tarehe ya ahadi kabla hawajaifungua kesi, kwa sababu kanuni za mitandao zinawapa wafanyabiashara nafasi ya marejesho kufika. Mwisho wa kudai kwa kawaida ni siku 120, nawe uko mbali nao, ila usiutumie wote.

Jambo dogo kuhusu zile risiti. Umefanya vizuri kuzipiga picha. Karatasi ya mashine ya kadi huandikwa kwa joto, si kwa wino, na ndani ya pochi iliyoachwa garini kwa joto letu la Mombasa inafutika mpaka inabaki nyeupe. Nimepokea watu wengi dawatini wakinionyesha kipande cha karatasi kisicho na neno.

Safari nyingine ukitakiwa dipositi, muulize karani kabla hajagusa mashine: unashika au unakata? Na siku ya kutoka mwambie atumie ile ile ya mwanzo. Ukiamua kulipa bili kwa M-Pesa au taslimu, usiondoke mapokezi kabla PRE-AUTH haijafutwa, kwa sababu mashine ya kadi haina habari na M-Pesa yako. Mwenye kadi ya krediti ni heri aiache hiyo kwa dipositi, kwa kuwa kinachoshikwa pale ni kikomo cha mkopo, na riba haitozwi kwa kushikwa tu. Wewe umeshikwa mshahara.

Kuanzia kesho fungua programu ya benki kila asubuhi na utazame zile salio mbili kwa pamoja. Siku Available Balance itakapopanda kutoka 14,800 hadi 54,800 huku Actual Balance ikibaki pale pale, barua ya hoteli imefanya kazi, lipa karo. Siku salio zote mbili zitakapopanda pamoja kwa 30,000, wa gari wamerudisha.